Dafu linalozama kwenye kigoda: kuchagua aina ya mshikio katika Graph Editor

Katika chumba chetu cha kazi hapa Sinza tulikuwa tunaandaa kipande kifupi cha animesheni kwa kutumia Blender, chenye muuza madafu anayeegesha baiskeli yake, kushusha dafu moja juu ya kigoda, kulipumzisha kwa nusu sekunde, kisha kulinyanyua tena ili alikate. Kijana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo aliniita akaniambia, "Kaka, njoo uone, dafu linazama kwenye kigoda, na mimi nimeweka sifuri pande zote mbili." Alikuwa amesema kweli. Ufunguo wa fremu ya 13, yaani thamani ya kimo iliyowekwa kwenye fremu hiyo, ulikuwa sifuri, wa fremu ya 25 ulikuwa sifuri, na bado kati ya fremu hizo mbili dafu lilishuka chini ya ubao wa kigoda na kurudi. Zipo njia nne au tano za kuliondoa kosa hili, na zote huonekana kufanya kazi pale pale unapozitumia, ila hazifanani katika yale yanayofuata. Nazilinganisha hapa kwa mfano huo mmoja wa dafu, na baadaye kwa dafu lile lile likianguka kutoka kwenye baiskeli, kwa sababu dawa inayofaa hapa inaharibu kule.

Kwanza chanzo chake. Katika Graph Editor, dirisha la Blender linalochora mwendo kama mpindo, kila ufunguo una mishikio miwili, wa kushoto na wa kulia, na mishikio hiyo ndiyo inayoonyesha tanjenti, yaani upande ambao mpindo unaelekea unapoingia kwenye ufunguo na unapotoka. Mpindo wa Bezier kati ya funguo mbili huchorwa kwa nukta nne tu: ufunguo wa kwanza, mshikio wake wa kulia, mshikio wa kushoto wa ufunguo wa pili, na ufunguo wa pili wenyewe. Kihesabu, mpindo huo hauwezi kupanda juu ya nukta iliyo juu kabisa kati ya hizo nne, wala kushuka chini ya ile iliyo chini kabisa. Kwa hiyo, ukiona mpindo umepitiliza thamani za funguo zake, usianze kutazama funguo. Tazama ncha za mishikio, maana lazima angalau moja imetoka nje ya eneo lililo kati ya thamani hizo mbili. Kanuni hii haihusu aina za Interpolation, yaani namna Blender inavyojaza mwendo kati ya funguo, ziitwazo Back, Elastic na Bounce, ambazo zimetengenezwa ili zipitilize au zidunde zenyewe bila kutegemea mishikio. Bonyeza T ukiwa ndani ya Graph Editor uhakikishe kwamba ufunguo unaoshughulikia ni wa Bezier kabla ya kuhangaika na jambo jingine.

Sasa tuingie kwenye dafu lenyewe, tukichukulia kwanza kwamba mishikio yote ni ya Automatic. Tunafanya kazi kwa fremu 24 kwa sekunde. Kimo cha dafu juu ya kigoda ni mita 0.40 kwenye fremu ya 1, sifuri kwenye fremu ya 13, sifuri kwenye fremu ya 25, na mita 0.40 tena kwenye fremu ya 37. Mshikio wa aina ya Automatic hutafuta mwinamo wake kwa kutazama jirani wa kushoto na wa kulia. Kwa hesabu rahisi kabisa ya namna hiyo, ufunguo wa 13 unaunganisha jirani yake wa fremu ya 1 na yule wa fremu ya 25: dafu limeshuka mita 0.40 katika fremu 24, basi mwinamo ni takriban sentimita 1.7 kwa kila fremu, kwenda chini. Ufunguo unapita pale na mwinamo huo ingawa dafu limeshafika kwenye ubao. Mshikio wake wa kulia unaanguka chini ya sifuri, na kwenye fremu ya 25 mshikio wa kushoto unafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Matokeo yake ni bonde lenye kina cha sentimita 5 kwenye fremu ya 19.

Kijana wetu alikuwa ameshajaribu dawa ambayo karibu kila anayeanza huijaribu, yaani kuongeza ufunguo mwingine wa sifuri pale pale kwenye fremu ya 19. Nimeweka hesabu zake hapa kando ya nyingine, kwa sentimita, mishikio yote ikiwa na urefu wa theluthi moja ya umbali kati ya funguo. Blender hukadiria urefu wa mishikio ya Automatic kwa njia yake, kwa hiyo kwenye kioo chako tarakimu zitatofautiana kidogo, lakini umbo litakuwa hili hili.

| Fremu | Automatic | Automatic na ufunguo wa ziada kwenye 19 | Auto Clamped |
|---|---|---|---|
| 13 | 0 | 0 | 0 |
| 15 | -2.8 | -2.0 | 0 |
| 17 | -4.4 | -1.0 | 0 |
| 19 | -5.0 | 0 | 0 |
| 21 | -4.4 | -1.0 | 0 |
| 23 | -2.8 | -2.0 | 0 |
| 25 | 0 | 0 | 0 |

Safu ya katikati ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Kina kimepungua kutoka sentimita 5 hadi 2, na mtu anayetazama tarakimu peke yake anaweza kudhani amepiga hatua. Lakini bonde moja limekuwa mabonde mawili: dafu linazama, linaibuka, linazama tena, linaibuka. Kosa lililokuwa la kupitiliza limegeuka kuwa mtikisiko, na jicho hukamata mtikisiko haraka kuliko linavyokamata kuzama kwa polepole. Tena, kila ufunguo unaoongezwa ni ufunguo ambao mtu atalazimika kuusogeza siku muda wa tendo utakapobadilishwa. Nikiwa nimepewa faili la mtu mwingine na nikakuta funguo nne au tano zenye thamani moja zimepangana kwenye sehemu ya utulivu, huwa najua mapema kwamba mishikio haikuguswa. Njia hii siipendekezi katika hali yoyote ya namna hii.

Tukiiweka kando hiyo, tunabaki na njia tatu za kweli kwa dafu lililotulia.

Ya kwanza ni Auto Clamped. Chagua funguo, bonyeza V, kisha uichague kwenye orodha. Aina hii hufanya kazi kama Automatic hadi pale mshikio unapotaka kupitiliza thamani ya ufunguo jirani, hapo huuzuia. Ufunguo ukiwa ndio wa juu kabisa au wa chini kabisa kati yake na majirani zake, au ukilingana na jirani mmoja kama ilivyo kwa fremu ya 13 na ya 25, mishikio yake hulazwa bapa kabisa. Faida yake kubwa ni kwamba inaendelea kujirekebisha: ukiusogeza ufunguo wa 25 hadi fremu ya 31, au ukishusha thamani yake, mishikio inakokotolewa upya bila wewe kufanya lolote. Hii ndiyo aina ambayo Blender huipa funguo mpya ikiwa mipangilio haijaguswa, kwa hiyo ukikuta Automatic kwenye faili lako, ama mtu alibadilisha mipangilio au funguo zimebadilishwa kwa makusudi.

Ya pili ni kulaza mishikio kwa mkono. Ukichagua funguo mbili za utulivu na kubonyeza Shift S, kisha ukachagua Flatten Handles, unapata mstari ulionyooka kwenye sifuri, sawasawa na ule wa Auto Clamped. Kwenye kioo huwezi kuona tofauti yoyote. Tofauti ni kwamba mishikio iliyokuwa ya kujirekebisha sasa imekuwa Aligned, na Aligned hukaa vile ulivyoiacha. Jambo hilo hilo hutokea unapokamata mshikio wa Automatic au Auto Clamped na kuuburuta: hugeuka kuwa Aligned kimyakimya. Hapa ndipo ninapoona chanzo cha makosa mengi kuliko pengine popote. Mishikio miwili ya Aligned ni kama mti wa mzega begani mwa mchukuzi wa maji. Upande mmoja ukipanda, wa pili lazima ushuke. Mtu anaburuta mshikio wa kushoto wa fremu ya 13 kuelekea juu ili dafu lishuke kwa kasi zaidi, anatazama upande huo tu, anaridhika, na hajui kwamba ule wa kulia umezama chini ya ubao.

Ya tatu ni kuacha mishikio kabisa na kubadilisha Interpolation. Chagua ufunguo wa 13 peke yake, bonyeza T, uchague Linear. Interpolation ya ufunguo hutawala kipande kinachotoka kwake kwenda kulia hadi ufunguo unaofuata, kwa hiyo kati ya 13 na 25 utapata mstari ulionyooka hata mishikio ikiwa imeelekea wapi. Constant nayo huleta matokeo hayo hayo maadamu thamani ni zile zile. Kati ya hizo mbili mimi huchagua Linear, kwa sababu siku mtu akibadilisha ufunguo wa 25 kuwa sentimita 3, Linear itapandisha dafu taratibu na kosa litaonekana kama mteremko mdogo, ilhali Constant itaacha dafu limetulia mpaka fremu ya 24, kisha kulirusha sentimita 3 kwa fremu moja.

Kwa dafu lililowekwa kigodani kwa upole, basi, uamuzi wangu ni Auto Clamped, na Linear juu yake pale tu ninapojua faili litapita mikononi mwa watu wengine ambao wanaweza kuburuta mishikio. Kulaza kwa mkono nakuacha kwa ufunguo ambao una sababu maalumu ya kutojirekebisha.

Hali inageuka kabisa dafu linapoanguka. Katika onyesho la pili, dafu linadondoka kutoka kwenye tenga la baiskeli na kutua barabarani, halidundi, linabaki hapo. Kitu kinachoanguka kwa nusu sekunde, yaani fremu 12, hushuka takriban mita 1.225. Kwa hiyo kimo ni 1.225 kwenye fremu ya 1, sifuri kwenye fremu ya 13, na sifuri kwenye fremu ya 25. Ukiweka Auto Clamped hapa hakuna kupitiliza hata kidogo, na grafu inapendeza kwa ulaini wake, lakini dafu linatua kama unyoya. Sababu ni kwamba mshikio wa kushoto wa fremu ya 13 nao umelazwa bapa, na mshikio bapa maana yake ni mwendo wa sifuri wakati wa kugusa ardhi. Kwa mishikio ya theluthi, katika fremu ya mwisho kabla ya kutua dafu linashuka sentimita 2.4 tu. Kwa kanuni ya mvutano wa dunia lilipaswa kushuka sentimita 19.6. Mtazamaji hajui tarakimu hizo, ila anajua tangu utotoni jinsi dafu linavyoanguka.

Wengi hapo huchagua Vector kwa ufunguo wa kutua, na kwa kweli hiyo ni nafuu kubwa. Mshikio wa Vector huelekea moja kwa moja kwa jirani yake: wa kushoto unaelekea juu kwenye ufunguo wa fremu ya 1, wa kulia unalala kuelekea fremu ya 25. Hakuna kupitiliza, na kutua kunakuwa kwa ghafla kama kunavyotakiwa. Ukiacha mshikio wa kulia wa fremu ya 1 ukiwa bapa, fremu ya mwisho sasa inashuka sentimita 11.0. Bado ni pungufu, kwa sababu mwinamo wa Vector ni wa mwendo wa wastani, na kitu kinachoanguka kutoka kwenye utulivu hufika chini kikiwa na mwendo mara mbili ya wastani wake.

Kinachotoa anguko sahihi ni Free, na hapa kazi ya mkono inalipa. Chagua ufunguo wa 13, bonyeza V, uchague Free, ili mishikio yake miwili iachane. Fungua paneli ya pembeni kwa kubonyeza N, nenda kwenye kichupo cha F-Curve, ambako utaona nafasi ya kila mshikio kwa tarakimu. Mshikio wa kushoto uweke kwenye fremu ya 9, thamani 0.817, ambayo ni theluthi mbili za kimo. Mshikio wa kulia uweke kwenye fremu ya 17, thamani sifuri. Kisha kwenye ufunguo wa fremu ya 1, mshikio wa kulia uwe kwenye fremu ya 5, thamani 1.225. Mpindo unaopatikana kati ya 1 na 13 ni parabola kamili ya kitu kinachoanguka, na zile sentimita 19.6 zinatimia. Hakikisha pia kwamba ufunguo wa 25 hauna mshikio uliochepuka, la sivyo utapata bonde jipya upande wa pili.

Ukitaka kuona kwa nini ni lazima iwe Free na si Aligned, jaribu kuweka tarakimu hizo hizo za mshikio wa kushoto ufunguo ukiwa Aligned. Mti wa mzega unageuka: mshikio wa kulia unafika 0.817 chini ya ardhi, na dafu, baada ya kutua, linaendelea kuzama hadi sentimita 36 chini ya lami kwenye fremu ya 17 kabla ya kuibuka. Hilo ndilo kosa ambalo watu huliita "dafu limepitiliza" na kujaribu kulitibu kwa Auto Clamped. Auto Clamped italitibu kweli, na papo hapo itarudisha ule mtuo wa unyoya.

Tofauti ya aina hizi hudhihirika zaidi pale muda unapobadilika, na hapa mjini muda hubadilika kila mara mteja anapoleta sauti mpya ya tangazo. Ukiusogeza ufunguo wa kutua kutoka fremu ya 13 hadi ya 10, Auto Clamped na Vector zinajirekebisha zenyewe, lakini Free na Aligned zinasafiri na mishikio yao kama zilivyokuwa. Ule mshikio wako wa theluthi mbili sasa ni mrefu kupita kipimo chake, na anguko si parabola tena. Lazima uuweke upya: umbali wa kwenda nyuma ni theluthi moja ya fremu mpya, thamani ibaki theluthi mbili za kimo. Kwa fremu 9 za anguko, basi, mshikio unakwenda fremu ya 7, na ule wa ufunguo wa kwanza unakwenda fremu ya 4. (Kusema kweli, dafu linaloanguka mita 1.225 kwa fremu 9 limeshaacha kufuata mvutano wa dunia, lakini tangazo lina haki zake.) Ndiyo maana naweka Free kwenye funguo chache tu, zile za mgongano, na nyingine zote naziacha zijirekebishe.

Automatic nayo isitupwe. Kwa funguo za katikati ya mwendo, kama mkono unaozunguka au ukuti unaoyumba kwa upepo, inatoa mkondo laini kuliko Auto Clamped, na kupitiliza kidogo kwenye ncha za mwendo ndiko kunakoupa uhai. Kichwa kinachogeuka na kusimama fremu 12 kikiwa na mishikio bapa huonekana kama cha sanamu. Jambo la kuangalia ukiitumia ni sehemu iitwayo Auto Handle Smoothing kwenye kichupo kile kile cha F-Curve. Ikiwa kwenye Continuous Acceleration, kubadilisha ufunguo mmoja kunaweza kusogeza mishikio ya funguo zilizo mbali zaidi ya jirani wa karibu, kwa hiyo bonde linaweza kuzuka mahali ambapo hukugusa. Ikiwa kwenye None, kila ufunguo hutazama majirani zake wawili tu. Mtu anayelalamika kwamba grafu "inacheza yenyewe" mara nyingi anaona jambo hili.

Wanaotumia Maya watayakuta mambo haya kwa majina mengine. Spline ndiyo ya kuogopwa kwenye sehemu za utulivu, kwa sababu inapitiliza kama Automatic. Plateau hulaza mishikio kwenye funguo zenye thamani sawa. Flat huilaza kokote. Na kuitenganisha mishikio, ambako Blender hukuita Free, kule hufanywa kwa Break Tangents.

Kabla ya kuanza kurekebisha mshikio wowote, thibitisha kwamba kosa liko kwenye mpindo huo. Weka kiashiria cha muda kwenye fremu ya 19 usome thamani ya kimo. Ikiwa ni sifuri kamili na bado dafu linaonekana limezama, basi mpindo huo hauna kosa: pengine dafu limefungwa kwenye mkono na mkono ndio unaoshuka, au mhimili unaousoma ni wa mfupa na si wa dunia, kwa kuwa ndani ya mfupa kimo hakiko lazima kwenye Z. Kwa mizunguko, ikiwa kitu kinazunguka vibaya kati ya funguo mbili ambazo kila moja peke yake iko sawa, tazama kama thamani moja imeruka kwa karibu digrii 360 kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Hilo linahitaji kurekebishwa kwa thamani zenyewe. Na ikiwa mizunguko ni ya kwaternioni, yenye mipindo minne ya W, X, Y na Z, usilaze mshikio wa mmoja ukaacha mingine, kwa sababu minne hiyo kwa pamoja ndiyo inayoeleza mzunguko mmoja. Chagua ufunguo kwenye mipindo yote minne ndipo ubonyeze V.

Dafu la kijana wetu lilikuwa na kosa moja tu. Alikuwa ameburuta mshikio wa fremu ya 13 siku iliyotangulia ili kuharakisha kushusha, ufunguo ukageuka Aligned, na upande wa pili ukashuka. Tulifuta ule ufunguo wa fremu ya 19, tukarudisha Auto Clamped kwenye 13 na 25, na kasi aliyoitaka ya kushusha tukaipata kwa kusogeza ufunguo wa fremu ya 1 hadi fremu ya 4.